Kabla Hujawasha Programu ya Abiria: Kusoma Kurasa za Mapato, Bonasi na Nyota

Dereva wa bajaji anayejiunga na programu za kuita usafiri hapa Tanga kwa kawaida kazi yenyewe anaijua. Anajua njia za mkato kutoka stendi ya Kange hadi Makorora, anajua abiria wanatoka Bombo muda gani baada ya kuona wagonjwa, anajua barabara ipi ya Ngamiani hujaa maji mvua ikinyesha. Kinachomkwamisha ni kurasa tatu za kwenye simu zilizoandikwa Kiingereza: mapato, bonasi na nyota. Anaziona namba, anakisia maana yake, na mwisho wa wiki anakuta kakisia vibaya. Kwa hiyo yafuatayo ni ya kuyaweka sawa kabla ya safari ya kwanza, ungali umekaa kijiweni na hakuna abiria anayekusubiri.

Anza na mipangilio. Fungua ukurasa wa wasifu wako, tafuta palipoandikwa "Settings", kisha "Language". Kama Kiswahili kipo, kichague, lakini usishangae ukurasa wa bonasi ukibaki Kiingereza, maana matangazo ya bonasi mara nyingi huandikwa kivyake. Kama hakipo, piga picha za skrini za kurasa zote tatu na umpe mtu unayemwamini akusomee picha hizo. Mpe picha tu, simu ibaki mkononi mwako, na zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe usimtajie mtu. Anayezipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako na kubadilisha namba ya simu inayopokea malipo.

Jambo la pili ni saa. Skrini inahesabu saa kwa Kiingereza. Ikiandika 10:00 maana yake ni saa nne asubuhi, na 22:00 ni saa nne usiku. Dereva aliyezoea kusema "saa kumi" jioni akiona 10:00 anaanza kazi saa sita nzima baada ya bonasi kufunguliwa. Angalia pia wiki inafungwa lini. Kwa Uber, kwa mfano, wiki hufungwa Jumatatu saa 4:00, yaani saa kumi alfajiri. Ukifanya kazi usiku wa Jumapili, safari zako za saa saba usiku bado zinaingia wiki iliyopita, hata kama kwako imeshakuwa Jumatatu.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Tuchukue siku moja ya mfano. Umefanya kazi kutwa, ukurasa wa mapato unaonyesha hivi: "Gross earnings" 60,000, "Commission" 12,000, "Net earnings" 48,000, "Cash collected" 50,000, na chini kabisa "Balance" -2,000. Dereva mpya akiiona ile alama ya kutoa mbele ya 2,000 anasema kaibiwa: kafanya kazi ya 48,000, halafu anadaiwa.

Hakuna aliyeibiwa. Elfu sitini ni nauli zote za siku kabla ya kukatwa chochote. Katika mfano huu kampuni inachukua asilimia 20, yaani 12,000, kwa hiyo haki yako ni 48,000. Lakini abiria wengi walikulipa taslimu, na ukijumlisha noti walizokupa mkononi unapata 50,000. Umeshashika 50,000 wakati haki yako ni 48,000. Ile 2,000 ya ziada ni ya kampuni, imo mfukoni mwako, na ndiyo skrini inayoidai. "Balance" ni hesabu ya kudaiana kati yako na kampuni, wala haikuambii umepata faida au hasara. Kama abiria wote wangelipa taslimu, ungeshika 60,000 na deni lingekuwa 12,000. Kama wote wangelipa kwa simu au kadi, usingeshika kitu, na "Balance" ingesoma 48,000 za kukutumia.

Na ile 10,000 iliyobaki kati ya 60,000 na 50,000 iko wapi? Tuseme 6,000 zililipwa kwa simu moja kwa moja kwenye kampuni, na 4,000 ni punguzo ambalo kampuni iliwapa abiria na kuligharamia yenyewe. Kwako punguzo halina hasara, limo ndani ya 48,000 yako, ila lina mtego pale abiria anaposhuka. Umemtoa mama kutoka Kange hadi Raskazone, skrini inaandika "Fare" 5,000, chini yake "Discount" 1,500, kisha "Collect cash" 3,500. Jicho linakimbilia namba ya kwanza, unamwambia "Mama, ni elfu tano," yeye simu yake inamwonyesha elfu tatu na mia tano. Mnabishana mlangoni kwake, na kabla hujafika barabarani ameshakupa nyota moja. Jizoeze kuutafuta mstari wa "Collect" kabla hujataja bei.

Deni likilimbikizana linafika kikomo ambacho kampuni imekiweka, na hapo maombi ya safari huacha kuja. Simu iko hewani, bando lipo, lakini kimya. Ukiona hivyo, kabla ya kulaumu mtandao, fungua "Balance". Kulipa ni kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa ndani ya programu yenyewe. Ukipigiwa simu na mtu anayetaka umtumie deni kwenye namba yake binafsi, kata.

Mtihani wa kujua kama umeelewa ukurasa huu ni kupata jibu lilelile kwa njia mbili. Tuseme siku hiyo umeweka mafuta ya 14,000, bando 1,000, na hesabu ya tajiri ni 20,000. Ukianzia kwenye 48,000 ukatoa hizo, unabaki na 13,000. Ukianzia mkononi, 50,000, ukatoa mafuta, bando, hesabu na deni la 2,000, unabaki na 13,000. (Hizo 6,000 za simu na 4,000 za punguzo zimeshafidiwa ndani ya deni kuwa dogo, usizihesabu tena.) Njia mbili zikitofautiana, kuna safari umeisahau au abiria hakukulipa kamili, na ni rahisi kuikumbuka usiku huohuo kuliko Jumatatu. Hizo elfu kumi na tatu ndizo za kupeleka nyumbani. Kwenye ukurasa wote hakuna mstari unaozionyesha, maana programu haiyajui mafuta yako wala haimjui tajiri wako. Kwa hiyo daftari dogo kwenye kisanduku cha bajaji ni kifaa cha kazi kama ilivyo chaja.

Ukurasa wa bonasi una aina mbili zinazofanana sura. Ya kwanza husema kitu kama "Complete 20 trips, get 10,000 extra". Ukitimiza safari 20, unaongezewa 10,000 juu ya nauli zako. Ya pili husema "Guaranteed 60,000 for 20 trips", na hii ndiyo inayowaliza watu. Haimaanishi utapewa 60,000. Maana yake ni kwamba nauli zako za safari hizo 20 zisipofika 60,000, kampuni itaziba pengo. Nauli zikifika 52,000, unaongezewa 8,000. Zikifika 61,000, huongezewi hata senti, na kampuni haijavunja ahadi. Zaidi ya hapo, mara nyingi hesabu hiyo hufanywa kwa nauli kabla ya kamisheni, kwa hiyo hata hiyo 60,000 siyo itakayobaki kwako. Kabla ya kukesha barabarani kwa ajili ya tangazo la namna hii, jiulize safari zako 20 za kawaida huleta nauli kiasi gani. Kama huleta karibu na hicho kiwango, lala.

Chini ya tangazo kuna maandishi madogo, bonyeza "Details" au "Terms" uyaone. Humo mna eneo, saa, na viwango viwili vya asilimia. "Acceptance rate" ni sehemu ya maombi uliyoyapokea kati ya yote yaliyoita kwenye simu yako. "Cancellation rate" ni safari ulizozipokea kisha ukazikata. Ombi lililoita hadi likazima lenyewe, kwa kawaida, huhesabiwa kama umelikataa. Fikiria umetimiza safari 20 za bonasi, lakini Ijumaa ulipokuwa msikitini simu iliita mara sita kwenye bajaji. Maombi ni 26, umepokea 20, hiyo ni asilimia 77 hivi. Kama sharti ni 80, bonasi imekwenda, na kazi yote umeifanya. Kinga yake ni kugusa kitufe cha "Offline" kila unaposhuka kuswali, kula au kumsaidia mwenzako pancha. Ukiwa nje ya mtandao maombi hayaji, na asilimia haishuki.

Kuhusu nyota, elewa kwamba ni wastani, na wastani wa dereva mpya huyumba sana. Ukiwa na abiria kumi waliokupima, tisa wakakupa tano na mmoja akakupa moja, unasoma 4.6. Nyota hiyohiyo moja kati ya abiria mia inakushusha hadi 4.96 tu. Uber huchukua safari 500 za mwisho zilizopimwa, kwa hiyo nyota mbaya hukaa humo hadi isukumwe nje na mpya. Programu nyingine zina idadi yake, itafute kwenye ukurasa wa maelezo ya "Rating". Katika wiki za mwanzo, basi, abiria mmoja ana uzito mkubwa, na ni vizuri kupokea safari fupi nyingi za mjini, mahali unapopajua, kuliko kukimbilia safari moja ndefu ya njia usiyoizoea.

Nyota ikishuka kwa kosa lisilo lako, fungua safari husika kwenye historia, siyo ukurasa wa mbele wa msaada, ili malalamiko yaende na namba ya safari hiyo. Andika sentensi fupi: tarehe, saa, kilichotokea, na uambatishe picha ya skrini ya "Collect cash". Kiswahili rahisi kinatosha.

Mwisho ni nyaraka. Chini ya "Documents" kila karatasi ina tarehe ya kuisha: leseni yako, bima, kibali cha LATRA. Angalia kama skrini inaanza na siku au mwezi, maana 04/03 inaweza kuwa Machi au Aprili, na linganisha na karatasi yenyewe. Pakia bima mpya siku kadhaa kabla ya ile ya zamani kuisha, kwa sababu ukaguzi huchukua muda, na akaunti iliyofungwa katikati ya wiki ya bonasi haiongezewi siku.