Kupima thioli huru kwa DTNB: blanki mbili, si moja

Thioli huru ya sisteini, yaani kundi lake la SH lisilofungana na jingine, ikikutana na DTNB, kitendanishi alichokieleza George Ellman mwaka 1959, inakata daisalfidi iliyo katikati ya DTNB na kuachia TNB ya njano. Thioli moja huachia TNB moja, kwa hiyo ukijua kiasi cha njano umejua kiasi cha thioli. Ugumu ni kwamba si njano yote inayoonekana kwenye kyuveti imetoka kwa protini yako, ndiyo maana unahitaji blanki, yaani kyuveti za kulinganishia ambazo usomaji wake unatolewa kwenye ule wa sampuli.

Mfano wangu ni albumini ya damu ya ng'ombe. Ina sisteini 35. 34 kati yake zimefungana katika jozi 17, na inabaki moja tu iliyo huru, ile ya nafasi ya 34. Jibu halitarajiwi kuzidi 1, kwa hiyo ukikosea blanki utagundua upesi.

1. Andaa bafa na rangi. Tengeneza fosfeti ya sodiamu 0.1 M, pH 8.0, yenye EDTA 1 mM. EDTA inashika chembe za shaba na chuma ambazo huharakisha thioli kuoksidika. Usipandishe pH ukidhani utaharakisha kazi, maana DTNB yenyewe huanza kuvunjika na kutoa njano bila thioli yoyote. Yeyusha DTNB miligramu 4 kwa kila mililita ya bafa hiyo (takribani 10 mM). Kwenye maji matupu inayeyuka kwa shida. Itengeneze siku hiyohiyo na uikinge na mwanga.

2. Panga kyuveti tatu, kila moja mililita 1.

- Sampuli: bafa mikrolita 850, protini 100, DTNB 50.
- Blanki ya rangi: bafa 850, bafa *ya protini* 100, DTNB 50.
- Blanki ya protini: bafa 900, protini 100, bila DTNB.

Blanki ya protini inakamata ukungu na rangi ya protini yenyewe. Wengi huiruka, na kwa albumini safi hawapotezi kitu kikubwa. Kwa protini yenye hemu, au iliyoanza kuganda, kuiruka ni kujidanganya.

3. Changanya na usome. Tia DTNB kwenye sampuli na kwenye blanki ya rangi kwa wakati mmoja. Blanki iliyochanganywa asubuhi haifai kwa sampuli ya mchana, kwa sababu njano yake inaendelea kupanda polepole. Weka sifuri kwa bafa tupu, subiri dakika 15 kwenye joto la chumba, kisha soma kwenye nanomita 412. Rudia baada ya dakika 5. Ikiwa sampuli bado inapanda kuliko blanki, mmenyuko haujaisha.

4. Piga hesabu. Tuseme protini ndani ya kyuveti ni 30.1 µM (miligramu 2 kwa mililita). Sampuli imesoma 0.262, blanki ya rangi 0.041, blanki ya protini 0.006. Kigawanyo 14,150 ni kipimo cha jinsi TNB inavyonyonya mwanga wa nanomita 412.

```
A   = 0.262 - 0.041 - 0.006 = 0.215
TNB = 0.215 / 14150 = 15.2 µM
SH  = 15.2 / 30.1 = 0.50
```

Bila kutoa blanki ungepata 0.62. Hiyo 0.50 isikushtue: albumini ya dukani mara nyingi huwa chini ya 1, kwani sehemu ya sisteini 34 imeshaoksidika au imeshikana na sisteini nyingine ndogo.

Bafa ya protini ni ipi hasa? Kosa kubwa liko hapa. Kama ulikata daisalfidi za protini kwa DTT, kitendanishi chenye thioli zake, kisha ukaisafisha, mikrolita 100 za blanki ya rangi zitoke kwenye maji ya mwisho ya dialisisi au mchujo wa mwisho, si kwenye chupa ya bafa mpya. Tuseme bafa mpya inasoma 0.041 na mchujo unasoma 0.098. Tofauti ya 0.057 ni TNB 4 µM, yaani DTT 2 µM, kwa kuwa kila DTT ina thioli mbili. Kwa protini ya 30.1 µM, hiyo ni thioli 0.13 za uongo kwa kila molekuli. TCEP, kitendanishi kingine cha kukata daisalfidi, nayo haisalimiki: haina thioli, lakini inakata daisalfidi ya DTNB na kutoa TNB mbili. Blanki ikifika theluthi ya usomaji wa sampuli, mimi huacha kutoa na kurudi kusafisha protini.

Thioli zilizojificha. Protini iliyokunjwa vizuri inaweza kuificha thioli DTNB isiifikie. Rudia kipimo katika guanidini hidrokloridi 6 M, ila blanki zote, hata bafa ya kuwekea sifuri, ziwe na guanidini hiyohiyo, na kigawanyo kiwe 13,700 badala ya 14,150. Tofauti ya majibu mawili ndiyo idadi ya thioli zilizokuwa zimejificha.