SOMO: Maandishi yanayotokea herufi kwa herufi na mistari inayojichora ndani ya After Effects (soma lote kabla ya kuuliza)

Wadau, swali hili limejibiwa mara nyingi kiasi kwamba majibu yanajirudia neno kwa neno. Naliweka hapa mara moja. Akiuliza mtu tena, atapewa linki hii tu.

Mfano wetu ni kichwa "Habari za asubuhi", komp ya fremu 25 kwa sekunde. Kwanza maandishi yatokee, kisha neno moja liandikwe kama kwa kalamu.

1. Andika maandishi yako kwa leya ya Text.

2. Fungua leya, bonyeza Animate, chagua Opacity. Iweke 0%. Maandishi yote yatapotea, usishtuke.

3. Bonyeza Add iliyo mbele ya Animator 1, kisha Property, kisha Position. Weka 0, 40. Hapa Y chanya inashuka chini, kwa hiyo herufi zitapanda kutoka chini. Usirudi kwenye Animate kubwa ya juu: utapata Animator 2 yenye Range Selector yake, halafu utashangaa mbona herufi zinafifia kwa wakati mmoja na kupanda kwa wakati mwingine.

4. Fungua Range Selector 1, kisha Advanced. Shape iwe Ramp Up, Based On iwe Characters Excluding Spaces. Ukiacha Characters, nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa kama herufi, na mwendo unasita kidogo kila neno linapoisha.

5. Weka End 30%. Bonyeza kisaa cha Offset ukiwa kwenye fremu ya kwanza, andika -30%. Sogea fremu 30 mbele, andika 100%. Zile almasi mbili za keyframe zinatosha, hakuna nyingine.

Hiyo 30% ndiyo upana wa wimbi linalopita juu ya maandishi. Offset inasafiri jumla ya 130 kwa fremu 30, kwa hiyo kila herufi inachukua kama fremu 7 kutoka kutoonekana hadi kukaa mahali pake. Ukipunguza End hadi 10% (na Offset ianze -10%), herufi zinaruka moja moja kwa ukali. Ukiipandisha hadi 100%, zote zinafifia karibu pamoja na huoni tena mpangilio. Kumbuka: ukibadilisha End, badilisha na Offset ya kuanzia. La sivyo herufi za mwanzo zitakuwa zimeshaanza kuonekana kwenye fremu ya kwanza, au wimbi litachelewa kuingia.

6. Sasa mstari. Bonyeza F2 ili pasiwe na leya iliyochaguliwa, kisha chukua Pen. Ukichora huku leya ya maandishi imechaguliwa, unapata maski, si umbo.

7. Zima Fill, washa Stroke, chora njia. Kwenye leya ya umbo bonyeza Add, Trim Paths. End kutoka 0% hadi 100%. Basi, mstari unajichora.

8. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu vilevile. Unataka neno liandikwe kama kwa mkono, unabonyeza Create Shapes from Text, unaweka Trim Paths. Kinachojichora si mwandiko bali *ukingo* wa kila herufi: mstari unazunguka nje ya herufi kama uzio unaozunguka shamba. Hakuna mpangilio wa thamani utakaorekebisha hilo, maana fonti huhifadhi mzingo wa herufi, haihifadhi njia ambayo kalamu ilipita.

Njia hiyo lazima uichore mwenyewe. Acha leya ya maandishi kama ilivyo. Juu yake chora kwa Pen katikati ya mwili wa herufi, ukifuata mkono ungepita wapi. Stroke iwe nene kuliko sehemu nene kabisa ya herufi: kama ni pikseli 18, weka 24. Weka Trim Paths kwenye mchoro huo, kisha uutumie kama Alpha Matte ya leya ya maandishi. Kuanzia toleo la 2023 unachagua leya yoyote kwenye safu ya Track Matte. Matoleo ya zamani yanataka mchoro uwe moja kwa moja juu ya maandishi.

Angalizo mbili. Kwanza, pale mkono unapojikata, mfano kitanzi cha "b", Stroke nene inafunua kipande cha upande wa pili kabla ya wakati wake. Utaona kijipande kinaning'inia hewani. Dawa: rudufu leya ya maandishi, ikate kwa maski mbili penye makutano, kila kipande kipewe mchoro wake. Maski zipishane pikseli 1 au 2, zikigusana tu utaona ufa mwembamba kati yao. Pili, usinenepeshe Stroke ovyo "kwa usalama", maana itafunua herufi jirani.

---

kijana_wa_grafiki: Mkuu, mbona maandishi yangu yote yanafifia kwa pamoja? Nimeweka almasi kwenye Opacity.

Mwandishi: Hatua ya 5 inasema Offset. Opacity ya Animator 1 inabaki 0% mwanzo hadi mwisho.

kijana_wa_grafiki: Kwenye mafunzo ya wengine naona wanaweka kwenye Opacity.

Mwandishi: Hiyo ni Opacity ya leya nzima, ambayo haijui herufi ni nini. Rudi hatua ya 2.

mchoraji_mpya: Asante kwa somo. Nina leya yenye mistari mitatu, nataka wa pili uanze wa kwanza ukiisha. Trim Paths inaichora yote kwa mpigo.

Mwandishi: Swali zuri. Angalia kwanza Trim Paths imekaa wapi. Ikiwa ndani ya kikundi cha mstari mmoja, inaugusa huo tu. Itoe iwe chini ya vikundi vyote vitatu, kisha Trim Multiple Shapes iwe Individually. Mpangilio ukija kinyume, panga upya vikundi kwenye taimlaini. Ila mistari itafuatana bila pumziko. Ukitaka kalamu "inyanyuke", kila mstari uwe na Trim Paths yake.

mhariri_usiku: Nikitaka mtindo wa taipureta, kasi isibadilike hata mteja akibadilisha maneno?

Mwandishi: Shape iwe Square, Smoothness 0%, Units iwe Index. End iwe kubwa kuliko idadi ya herufi. Kwenye Start weka expression hii:

```
Math.floor((time - inPoint) * 12)
```

Hizo ni herufi 12 kwa sekunde. Kwa asilimia, sentensi ndefu ingelazimika kukimbia ili iishe kwa muda uleule.

mchoraji_mpya: Na mstari wa nukta nukta? Wangu unateleza wakati unajichora.

Mwandishi: Umeanimeti Start. Vipande vya Dashes vinahesabiwa kuanzia mwanzo wa njia iliyobaki, kwa hiyo Start ikisogea navyo vinasogea. Animeti End peke yake, vitatulia.

mhariri_usiku: Nyongeza: ukiweka Round Cap, fremu ya kwanza inaruka nukta nzima ghafla. Mimi huanimeti Stroke Width kutoka 0 kwa fremu 3 za mwanzo.

Mwandishi: Sahihi. Ila kwa mchoro wa matte wa hatua ya 8 anza na Butt Cap kwanza, mara nyingi huhitaji hiyo kazi.

kijana_wa_grafiki: Imekubali. Ila mstari unaanzia kulia.

Mwandishi: Ulianza kuuchora kulia. Bonyeza kitufe cha kugeuza mwelekeo mbele ya Path 1.