Kubadilisha uso kwenye picha yenye mwanga wa ubavuni

Tuchukue picha ya bwana harusi: taa imewekwa ubavuni kwake, nyuzi 90 kutoka kamera, nusu ya uso inang'aa na nusu imezama gizani. Pozi zuri, ila kafumba macho. Ipo nyingine yenye macho wazi, iliyopigwa nje kivulini. Uso wa hiyo ndio tutakaouhamishia kwenye ile ya kwanza, kwa Photoshop.

Uso wa kivulini unafaa kwa sababu umepokea mwanga sawa kila upande, hauna kivuli chake cha kupingana na utakachochora. Uliomulikwa kutoka upande wa pili usiugeuze kwa `Flip Horizontal`: baka na mstari wa nywele vitahama upande, na ndugu zake watagundua hapohapo.

1. Panga. Weka uso mpya juu, `Opacity` 50%, bonyeza `Ctrl+T`, linganisha kona za macho na pembe za mdomo. Rudisha 100%, kisha laini kingo kwa maski.

2. Pima. Fungua `Info`. Tuseme kwenye picha ya asili R ya shavu lenye mwanga ni 190 na la gizani 38, huku shavu jipya likisoma 150.

3. Tia giza. Ongeza `Curves` na uibane kwenye leya ya uso kwa `Ctrl+Alt+G`. Wengi huvuta katikati ya mstari kwenda chini, na ngozi inakuwa nyekundu kama imeungua, maana rangi hazipungui kwa uwiano mmoja. Shusha ncha ya juu kulia badala yake. Hesabu ni 38 ÷ 150 × 255, yaani `Output` 65 hivi. Geuza maski iwe nyeusi kwa `Ctrl+I`, kisha paka nyeupe upande wa giza tu. Kwa upande wa mwanga tumia `Curves` nyingine, ukiinua katikati taratibu hadi 150 ifike 190.

4. Chora mpaka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu watu huchora mstari mmoja ulionyooka. Kwenye paji la uso ngozi inapinda polepole, basi mpaka ni laini: `Hardness` 0. Kwenye mgongo wa pua inageuka ghafla, basi mpaka ni mkali: jaribu 50. Chini ya pua, kile kifereji cha juu ya mdomo kina kingo mbili. Ule ulio karibu na taa hung'aa, na kifereji chenyewe huingia kivulini. Usipoukatisha mpaka hapo, uso unaonekana umepakwa rangi.

5. Macho. Futa nukta ya mwanga kwenye jicho la gizani kwa `Clone Stamp`, na weupe wake uwe wa kijivu. Kwenye jicho jingine sogeza nukta upande wa taa.

6. Kagua. Juu ya yote weka `Curves` ya muda inayoinua giza sana. Mshono uliojificha utajitokeza shingoni au chini ya taya. Rekebisha, ifute, kisha `Add Noise` kwenye leya ya uso, `Monochromatic`, ukianzia 1.5%, hadi chembe zake zifanane na za shingo.