Mambo ya kuzingatia kabla hujamfasiria shangazi karatasi ya dawa

Shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, alipoanzishiwa methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi ya viungo, alinipa boksi pamoja na ile karatasi inayokunjwa ndani yake, akasema, "Mwanangu, nisomee hii, kisha niandikie kwa lugha yangu niibandike jikoni." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kitupu, maandishi madogo kama sisimizi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, nikakaa nayo siku mbili. Dawa hii ya viungo humezwa siku moja tu katika wiki. Wako watu waliokufa kwa kuimeza kila siku bila kujua, uboho wa mifupa yao ukashindwa kutengeneza damu. Kwa hiyo neno moja likiteleza katika tafsiri, aliyeteleza si mfasiri.

Kabla ya kushika kalamu, weka kila kitu mezani: boksi, vidonge vyenyewe, lebo iliyobandikwa na mfamasia, karatasi ya ndani, cheti cha daktari, na mfuko wa dawa zake nyingine zote, hata zile za mwaka jana. Tazama kwanza kama jina na nguvu ya dawa ni vilevile kwenye boksi, kwenye pakiti ya vidonge na kwenye lebo. Jina linakili herufi kwa herufi kama lilivyochapwa, Methotrexate, hata kama mdomoni utalitamka kwa Kiswahili, kwa sababu siku akifikishwa hospitali usiku, jina hilo ndilo litakalosomwa.

Kisha jua nini usitafsiri. Karatasi ya ndani imeandikiwa wagonjwa wa kila namna: wa viungo, wa ngozi, wa saratani, na kila mmoja ana kipimo chake. Ukivitafsiri vyote, shangazi atabaki na vipimo vitatu na hofu ya saratani ambayo hana. Kipimo chake kiko kwenye lebo, nacho kilisema miligramu 10 kwa wiki, vidonge vya miligramu 2.5. Lebo na cheti vikipingana, kazi ya kutafsiri inasimama hapo mpaka mfamasia aseme. Usikate shauri wewe.

Sasa twende kwenye maneno. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: "Meza vidonge vinne mara moja kwa wiki." Inasikika safi kabisa. Nikampa binamu yangu aisome kwa sauti, akaniuliza, "Vinne kwa mkupuo, au kimoja kimoja mpaka vitimie vinne?" Hapo ndipo nilipoona. "Vinne kwa wiki" mtu anaweza kuvigawa katika siku nne. "Kwa wiki" inaweza pia kueleweka kuwa ni kwa muda wa wiki nzima, yaani siku saba mfululizo. Na "mara moja" ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kwetu ina maana mbili: hesabu ya moja, na papo hapo. Nikienda mbele kwenye maonyo nikaandika "mwone daktari mara moja", nitakuwa nimetumia maneno yale yale kwa jambo jingine, na mwenye kusoma anaweza kudhani ni kumwona daktari safari moja tu ikatosha.

Nikaamua "mara moja" isionekane popote kwenye karatasi yake. Penye hesabu niliandika "siku moja tu katika wiki". Penye haraka niliandika "siku hiyo hiyo, usingoje kesho". Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, na sioni ubaya. Usahihi wa tafsiri ya dawa haupimwi kwa urefu wa sentensi. Unapimwa kwa idadi ya njia ambazo sentensi inaweza kueleweka, nayo inatakiwa iwe moja.

Siku yenyewe nayo ilinisumbua. Lebo ilisema Jumatatu jioni. Mimi nikaandika "usiku wa Jumatatu", halafu nikakumbuka jinsi wazee wetu wa Mji wa Kale wanavyohesabu siku. Kwao siku huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo usiku wa Jumatatu wa shangazi ungekuwa Jumapili yangu. Dawa kuwahi siku moja pengine isingemdhuru. Lakini nyumbani kwake dawa hushikwa na watu wawili, yeye mwenyewe na mjukuu wa shule. Mmoja akihesabu kwa jua na mwingine kwa saa sita ya usiku, anaweza kupewa Jumapili na akapewa tena Jumatatu. Tena shangazi hufunga suna Jumatatu na Alhamisi. Tulirudi kwa mfamasia kabla hajameza hata kidonge kimoja, tukamweleza. Akazungumza na daktari, wakakubaliana iwe Jumapili asubuhi. Asubuhi haina mvutano: Jumapili ni Jumapili kwa kila mtu.

Saa pia iandikwe kwa maneno. Ukiona 8.00 kwenye lebo usiiache hivyo, maana kuna atakayeisoma saa nane. Andika "saa mbili asubuhi, baada ya chai".

Pamoja na methotreksati, alipewa foliki asidi ya miligramu 5, nayo siku moja katika wiki, siku tofauti. Vidonge vya dawa zote mbili mara nyingi huwa vidogo na vya manjano. Kwa hiyo usiandike "kile cha manjano". Mfamasia alichagua Jumatano, nasi tukaweka kila dawa kwenye boksi lake na jina la siku limeandikwa juu kwa kalamu nzito.

Sehemu ya kipimo, baada ya kuifuta mara nne, ikawa hivi:

"METHOTREXATE, kidonge cha miligramu 2.5. JUMAPILI TU, saa mbili asubuhi baada ya chai. Meza vidonge 4 (vinne) vyote kwa pamoja, ambavyo ni miligramu 10. Usimeze siku nyingine yoyote ya wiki."

Idadi ya vidonge na miligramu zimekaa pamoja kwa sababu maalumu. Kuna pia kidonge cha miligramu 10 cha dawa hii hii. Duka likibadilisha mwezi ujao, naye akafuata "vidonge vinne" peke yake, atakuwa amemeza miligramu 40. Ndiyo maana chini yake niliongeza mstari usiokuwamo kwenye lebo, na nikauandika kwa wino mwingine ili ujulikane ni wangu: "Boksi jipya likiwa na namba isiyokuwa 2.5, karatasi hii haifai. Usimeze. Nipigie."

Maonyo yana ngazi zake, na ngazi hizo lazima zibaki kama zilivyo. Karatasi ya dawa ina mahali inaposema usifanye, na mahali inaposema mwambie daktari kwanza. Ndugu mwenye mapenzi hushawishika kuyageuza yote kuwa "usi-", kwa usalama. Lakini dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, kwenye karatasi yetu, zilikuwa katika kundi la mwambie daktari. Daktari wake alikuwa anajua kwamba anatumia diklofenaki, na vipimo vya damu vilikuwa vinafuatiliwa. Ningeandika "usinywe", angelala na maumivu kwa katazo ambalo hakuna daktari aliyelitoa.

Kinyume chake ni ko-trimoksazoli. Hiyo si ya kulegezwa. Ikichanganywa na methotreksati, zote mbili huzuia kazi ya foleti, vitamini ya kutengeneza damu, na chembe za damu zinaweza kuanguka vibaya. Na shangazi hajui ko-trimoksazoli ni nini. Anaijua Septrini, ambayo jirani yeyote anaweza kumpa akilalamika mkojo unamchoma. Hapa tafsiri sahihi kwa herufi ingekuwa haina faida. Nilibakiza jina la karatasi, nikaweka la mtaani pembeni yake, na chini: "Usinywe, hata ukipewa na mtu unayemwamini. Mtu wa dukani mwambie kwanza unatumia methotreksati."

Neno jingine la kuchunga ni "kawaida". Karatasi hupanga madhara kwa wingi wa kutokea kwake. Yanayotokea kwa wengi, mkono unakimbilia kuandika "madhara ya kawaida". Lakini kitu cha kawaida, kwetu, ni kitu kisichotisha. Mwaka juzi jamaa mmoja wa familia alikaa na vidonda vya mdomo siku sita, dawa hii hii, kwa sababu aliambiwa ni kawaida. Vidonda vya mdomoni ni miongoni mwa dalili za kwanza kwamba dawa imezidi mwilini. Kwa hiyo niliandika "hutokea kwa watu wengi", na mbele yake nini cha kufanya.

"Homa" nayo. Pwani tunaita homa hata mafua. Karatasi ilikusudia joto la mwili kupanda, nami nikaandika hivyo, pamoja na koo kuuma, kikohozi kikavu kisichoisha, kukosa pumzi, na alama za damu kuvilia chini ya ngozi bila kugongwa. Chini: "Ukiona hata moja, usimeze dozi inayofuata, piga simu hospitali siku hiyo hiyo." Na ikiwa amemeza zaidi ya alivyoandikiwa, aende hospitali hapo hapo na boksi mkononi, hata kama hajisikii vibaya, kwa kuwa madhara yanaweza kuchelewa siku kadhaa.

Akisahau Jumapili je? Karatasi yetu ilitoa siku 2. Nikaandika kwa majina ya siku: "Ukikumbuka Jumatatu au Jumanne, meza. Ukikumbuka Jumatano au baadaye, acha, ngoja Jumapili. Usimeze vinane." Soma karatasi yako, usichukue ya kwangu.

Nilipomaliza nilimpa binamu yangu, ambaye hakuwa ameona Kiingereza, airudishe kwa Kiingereza. Nikalinganisha mstari kwa mstari, namba kwanza. Kisha tukaipeleka kwa mfamasia anayejua Kiswahili aipitie.

Mwisho nilikaa na shangazi jikoni. Sikumuuliza kama ameelewa, maana angesema ndiyo kwa heshima tu. Nilimwambia, "Shangazi, nionyeshe Jumapili utafanyaje." Akahesabu vidonge vinne, akaviweka kwenye kisahani, akarudisha boksi kabatini. Nikamuuliza, "Na Jumatatu viungo vikiuma sana?" Akafikiri kidogo, akasema, "Niongeze kimoja?" Tukakaa chini tena, na kwenye karatasi nikaongeza mstari: "Maumivu yakizidi, usiongeze."