Somo: Waraka uliovuja, kujua kama ni halali na kuamua uchapishe kiasi gani

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili kwa mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa lote. Tuchukue mfano: umeletewa PDF ya barua ya ndani ya taasisi, kurasa mbili, ina tarehe ya Februari 2006.

1. Hifadhi faili ulivyolipokea. Kazi zote fanyia kwenye nakala.

2. Muulize aliyekuletea kalipataje. "Nimetumiwa kwenye grupu" si jibu.

3. Kagua faili:

```
exiftool barua.pdf
pdffonts barua.pdf
```

Amri ya kwanza inaonyesha tarehe na programu iliyotengeneza faili, ya pili inataja fonti. Ukiona 2018 kwenye barua ya 2006, usikimbilie kusema feki. Huenda ndiyo siku iliyoskaniwa, na ikiwa ni skani tupu, orodha ya fonti itakuwa haina kitu, uangalie herufi kwa macho. Pakistan mwaka 2017, hati ya familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif yenye tarehe ya Februari 2006 ilikutwa imeandikwa kwa Calibri, fonti iliyoingia sokoni Januari 2007 pamoja na Office 2007. Watetezi wakasema matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla. Ni kweli yalikuwepo, ila sasa mwenye hati ndiye wa kueleza ofisi ya kawaida iliyapataje.

4. Soma yaliyomo. Aliyesaini alikuwa na cheo hicho siku hiyo? Kumbukumbu namba inafuatana na barua nyingine za mwezi ule? Mghushi hunakili yaliyo hadharani, basi tafuta jambo ambalo halijawahi kutangazwa, kisha lithibitishe kwa mtu asiyejua kwamba unayo barua. Fanya hivyo kwa kila ukurasa. Barua pepe za kampeni ya Macron zilipovujishwa mwaka 2017, kampeni yenyewe ilisema za kweli zimechanganywa na za uongo.

5. Waombe wahusika majibu. Hapa ndipo watu wanachoma chanzo, someni taratibu. Mwaka 2017 chombo kimoja cha habari kilipata ripoti ya siri ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kikawapelekea maofisa nakala ili wathibitishe. Wachunguzi waliona alama za mikunjo, wakajua imechapwa kwenye karatasi na kutolewa nje kwa mkono. Wakapekua kumbukumbu za mfumo: waliokuwa wameichapa ni watu sita, na mmoja wao, Reality Winner, aliwahi kukiandikia chombo hicho kwa kompyuta ya kazini. Alifungwa miezi 63. Nakala iliyowekwa mtandaoni nayo ilikuwa na vidoti vya njano, visivyoonekana kwa macho, ambavyo printa nyingi za rangi za leza huweka kuonyesha namba ya mashine na saa ya kuchapa.

Kwa hiyo usitume faili, picha wala ukurasa. Soma madai kwa maneno yako: "Tuna taarifa kwamba mwezi huo mliidhinisha jambo fulani. Mnasemaje?" Wakikataa kabisa, uliza ni sehemu gani si kweli. Anayekanusha tarehe peke yake amekujibu mengi.

6. Chapisha kinachobeba hoja tu. Kama ni aya mbili, ziandike upya. Majina ya makarani na ya wagonjwa, pamoja na namba za simu, hayahusu. Na kumbuka, barua halali inaweza kubeba uongo: umethibitisha kwamba iliandikwa, hujathibitisha inachosema.

MASWALI

Kipanga77: Mkuu, nimepata waraka. Ni feki au siyo?
Jibu: Waraka upi, kutoka kwa nani? Anza hatua ya 2.

Kipanga77: Si uniambie tu, mbona una maringo.
Jibu: Sijauona. Hatua ya 2.

Mama Nuru: Nikifunika majina kwa boksi jeusi kwenye PDF inatosha?
Jibu: Haitoshi, dada. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, waliwasilisha mahakamani PDF yenye maboksi ya aina hiyo. Waandishi wakanakili maandishi ya chini yake wakayabandika kwingine, yote yakasomeka. Futa maneno yenyewe kabla ya kutengeneza PDF.

Mdadisi: Na nikiandika upya neno kwa neno, si niko salama?
Jibu: Swali zuri sana. Vidoti na mikunjo umeviacha nyuma, ila taasisi inaweza kumpa kila mpokeaji nakala yenye neno moja tofauti, ukinukuu ikajua ni ya nani. Muulize chanzo nakala zilikwenda kwa wangapi. Wakiwa wachache, eleza maana bila kunukuu, na tarehe ya barua usiitaje.

Fundi Printa: Nyongeza kwa wanaotaka kuviona vidoti: mulika karatasi kwa taa ya bluu ukitumia lenzi. Usipoviona, usidhani havipo.
Jibu: Asante fundi. Na skani ya nyeusi na nyeupe bado inaacha mikunjo na madoa ya kioo cha skana, msiitegemee.