Kabla hujaskani vyeti: angalia muhuri na herufi ndogo

Kabla hujabonyeza kitufe cha skana, zitazame karatasi zako moja moja. Tafuta herufi ndogo kuliko zote iko wapi, na ni ukurasa upi wenye muhuri au saini ya wino wa rangi. Ukishajua hayo mawili, umeshajua dpi na rangi ya kuchagua. Wengi huskani kila kitu kwa rangi na kwa dpi ya juu kabisa, kisha tovuti ya maombi ikikataa faili kwa ukubwa wake, wanalipitisha kwenye programu ya kubana. Hapo ndipo namba za cheti zinapofifia.

Dpi ni idadi ya nukta ambazo skana inasoma katika kila inchi ya karatasi. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Ukipanda hadi 600 zinafika takribani milioni 35. Zinaongezeka mara nne, si mara mbili, kwa kuwa zinazidi kwa upana na kwa urefu pia.

Sasa rudi kwenye ile herufi ndogo. Kwenye vyeti mara nyingi huwa ni maelezo ya chini ya ukurasa au namba ya usajili, maandishi ya saizi 6 hivi. Herufi "e" ya saizi hiyo inapata kimo cha nukta 12 hivi kwa dpi 300, nukta 8 kwa 200, na 6 tu kwa 150. Kwenye nukta 8 jicho bado linaisoma. Kwenye 6 tundu la "e" linaanza kuziba, na 3 inafanana na 8. Kwa hiyo barua ya saizi 12 inasomeka vizuri kwa 200, na mimi sishuki chini ya hapo kwa karatasi yoyote ya kiofisi. Kama unataka kompyuta iyatambue maandishi ili yaweze kutafutwa, tumia 300.

Uamuzi wa rangi ndio unaopunguza ukubwa zaidi. Kwa Color kila nukta huchukua biti 24, kwa Grayscale 8, kwa Black & White biti moja tu. Black & White inavutia kwa wepesi wake, lakini elewa inavyofanya kazi: kila nukta inalazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Muhuri wa zambarau uliofifia unapotea kabisa. Ule uliokolea unageuka mweusi, na saini iliyopita juu yake haionekani tena. Anayehakiki barua ya mtendaji wa kata anatafuta vitu hivyo viwili hasa. Grayscale inavihifadhi, ila wino wa bluu na chapa nyeusi vinakaribiana, na huwezi tena kuonyesha kwamba saini ni ya kalamu. Kwa ukurasa wenye muhuri, chagua Color.

Chukua mfano wa kurasa saba na kikomo cha MB 2. Vyeti viwili vina mapambo ya rangi, barua moja ina muhuri, na kurasa nne ni maandishi meusi matupu. Zote kwa Color na dpi 600 zinaweza kufika MB 30. Ukiskani vyeti kwa Color na dpi 200, kila kimoja huja karibu KB 500, kwa sababu yale mapambo hayabaniki kirahisi. Barua ya muhuri kwa mpangilio huohuo ni kama KB 300. Zile nne kwa Black & White na dpi 300 ni kama KB 60 kila moja. Jumla ni takribani MB 1.5. Ziskani kwa makundi, kisha ziunganishe kuwa PDF moja.

Kama karatasi ni nyepesi na maandishi ya nyuma yanapenya, weka karatasi nyeusi nyuma yake kabla ya kufunga kifuniko. Uchafu ule usipoondolewa unasomwa kama picha, na faili linanenepa bure.

Ukimaliza, fungua PDF kwa ukubwa wa asilimia 200 na ulinganishe tarakimu na karatasi yenyewe, moja baada ya nyingine. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha tarakimu, 6 ikitoka kama 8, kwa sababu ya ubanaji wa JBIG2 uliochukua umbo moja na kulibandika mahali pa jingine linalofanana nalo. Tarakimu ilitoka safi kabisa, ila haikuwa ile ya kwenye karatasi. Ukiona namba yenye ukungu au yenye shaka, rudia ukurasa huo kwenye skana kwa dpi 300. Kuongeza dpi ndani ya kompyuta hakurudishi kitu ambacho skana haikukisoma.