Namna ya kuandika kichwa cha slaidi ya kwanza kisichoahidi zaidi ya kilichomo ndani

Mwenzangu anayeuza pembejeo za kilimo aliniletea posti ya slaidi nane aliyotaka kuiweka Instagram, akaniomba nimwangalizie kichwa cha jalada. Kilisomeka hivi: "Mahindi yako yataoza usipojua siri hii." Ndani yake mlikuwa na maelezo mazuri ya jaribio la chumvi, ambalo wakulima wengi hulitumia kutambua mahindi mabichi kabla ya kuyahifadhi. Slaidi zilikuwa na manufaa, lakini kichwa kilikuwa kinazungumzia kitu kingine. Ninaeleza hapa jinsi tulivyokirekebisha, kwa sababu utaratibu huohuo unafaa kwa posti yoyote ya slaidi.

Hatua ya 1: Maliza slaidi za ndani kabla ya jalada

Ziandike kwa maneno matupu, kwenye daftari au kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu katika simu. Mimi sishauri kabisa kutunga kichwa ndani ya programu ya usanifu, kwa kuwa herufi kubwa zilizopambwa hufanya sentensi dhaifu ionekane imekamilika. Usanifu uje mwishoni.

Hatua ya 2: Andika jibu kwa sentensi moja

Jiulize ni jambo gani hasa msomaji atalijua akimaliza slaidi ya mwisho, kisha liandike lote bila kuficha neno. Kwa posti yetu sentensi ilikuwa hii: "Ukitikisa mahindi pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo kwa dakika moja, ukaiacha chupa itulie kwa dakika 15, na chumvi ikaganda ukutani mwa chupa, basi mahindi hayo yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa." Ikikuwia vigumu kuandika sentensi kama hiyo, tatizo liko kwenye slaidi na si kwenye kichwa.

Hatua ya 3: Ficha kitu kimoja tu

Mwaka 1994 mtafiti George Loewenstein alieleza kwamba udadisi huamka pale mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Ina maana kwamba ni lazima umpe msomaji kitu kwanza, ili aone kinachokosekana. Neno "siri hii" halimpi chochote. Hajui kama anakwenda kusoma habari za dawa, za magunia au za ghala. Mwaka 2016 Facebook ilipotangaza hatua za kupunguza vichwa vya kunasa wasomaji, ilitaja mambo mawili: kuficha habari inayohitajika ili mtu aelewe kilichomo, na kutia chumvi mambo kuliko yalivyo. Kichwa cha mwenzangu kilikuwa na yote mawili.

Sentensi ya hatua ya 2 ina mahindi, chumvi, chupa, dalili na maana ya dalili. Tuliamua kutaja vyote isipokuwa dalili yenyewe, yaani chumvi kuganda ukutani, kwa sababu hiyo ndiyo inayohitaji kuonyeshwa kwa picha.

Hatua ya 4: Pima ukubwa wa ahadi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu waaminifu kabisa hujikuta wamedanganya bila kukusudia. Baada ya kuondoa "siri", mwenzangu aliandika: "Chumvi na chupa vitakuonyesha kama mahindi yako yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa." Kichwa hiki kinavutia, kinataja vitu halisi, na hakitishi mtu. Hata hivyo kinaahidi jambo ambalo jaribio haliwezi kulitimiza.

Chumvi ikiganda, umejua kwamba unyevu umezidi takriban asilimia 15. Isipoganda, umejua tu kwamba unyevu uko chini ya hapo, ilhali kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mkulima mwenye mahindi ya asilimia 14.5 ataona chumvi ikianguka vizuri, ataamini kichwa chetu, atafunga gunia, na baada ya muda anaweza kukuta ukungu. Jaribio linaweza kuyakataa mahindi, haliwezi kuyathibitisha. Kwa hiyo kichwa nacho kilipaswa kuahidi upande wa kukataa peke yake. Tulifikia hiki:

"Tikisa mahindi na chumvi kwenye chupa: dalili moja itakuonyesha kwamba bado hayajakauka."

Njia ninayoiamini zaidi ya kupima ahadi ni kumwonyesha mtu jalada peke yake, asiyejua kilichomo, na kumwomba aseme ni swali gani anatarajia lijibiwe. Usimuulize kama kichwa ni kizuri, kwa maana atakusifu. Lichukue swali lake kama alivyolitamka na ulitafutie jibu kwenye slaidi. Ukilazimika kusema "jibu lipo kwa namna fulani", halipo. Kwa kichwa cha pili, swali la kawaida lingekuwa "Nitajuaje kwamba sasa naweza kuyahifadhi?", na hakuna slaidi hata moja iliyokuwa na jibu hilo.

Chunguza pia maneno madogo, kwani ndiyo yanayopanua ahadi kimyakimya. "Kila", "kamwe", "kabisa" na "bila gharama" yanapaswa kuwa kweli kwa msomaji aliye katika hali ngumu kuliko wote. Kichwa cha swali nacho ni cha kuangaliwa: "Je, chumvi inaweza kuokoa mahindi yako?" kinamfanya msomaji adhani ndiyo, na kama jibu la ndani ni hapana, umemchezea. Ukitaja idadi, kwa mfano dalili tatu, zihesabu slaidini, na uhakikishe ya tatu si ya pili iliyobadilishiwa maneno. Ahadi ikizidi yaliyomo, unaweza kuongeza slaidi au kupunguza kichwa. Mimi huanza na kupunguza kichwa, kwa sababu slaidi zinazoongezwa ili kukiokoa huwa nyepesi.

Hatua ya 5: Panga mahali pa jibu

Dalili tuliiweka slaidi ya tatu, kwa picha ya karibu ya chumvi iliyoganda kwenye kioo, na tukarudia neno "dalili" lililo kwenye jalada ili msomaji atambue kwamba hiki ndicho alichoahidiwa. Kuisukuma hadi slaidi ya nane ili watu waendelee kutelezesha kidole ni kuwapotezea muda. Slaidi za nne na tano zilieleza kwa nini chumvi huganda na kwamba mahindi yarudishwe juani kwenye turubai. Ya sita ilisema wazi kwamba chumvi isipoganda, mahindi bado yapimwe kwa kipima unyevu. Mwenzangu alitaka onyo hilo liende kwenye maelezo ya chini ya posti. Nilikataa, kwa sababu posti inapopigwa picha ya skrini na kutumwa WhatsApp, maelezo hayo hubaki nyuma.

Slaidi ya pili ijitegemee. Instagram huweza kumwonyesha hiyo mtu aliyeipita ya kwanza, kwa hiyo nayo itaje mahindi na chumvi kwa majina, isianze na "hivyo basi".

Hatua ya 6: Soma maoni ya mwanzo

Usihesabu waliopenda, bali tazama wanachouliza. Anayeuliza kiasi cha chumvi ameipata ahadi na anataka kuifanyia kazi. Anayeandika "kwa hiyo yangu hayakuganda, naweza kuyafunga?" amekisoma kichwa kwa upana kuliko ulivyokusudia. Mjibu hapohapo, kisha uhariri maelezo ya chini. Maneno yaliyo ndani ya picha hayahaririki. Wengi wakiuliza hivyo, iondoe posti, tengeneza jalada upya, na uiweke tena.